Picha Iliyohaririwa kwa Maneno Tu: Uchambuzi wa Kisa cha Roboti ya Duka la Steshenari

Duka linalozungumzwa hapa ni la steshenari la kawaida, lenye mashine ya fotokopi, printa ya rangi, mashine ya kulamineti na kiti kimoja cha wateja. Sehemu kubwa ya mapato yake hutokana na picha za pasipoti. Siku hizi mteja hapigiwi picha dukani. Anajipiga mwenyewe nyumbani kwa simu, anaituma, na kazi ya duka ni kuondoa ukuta, pazia au mlango ulio nyuma yake, kuweka bakigraundi ya bluu, kukata picha kwa kipimo cha milimita 35 kwa 45 na kuchapa nakala kadhaa kwenye karatasi moja. Dada anayehudumu alikuwa akiifanya kazi hiyo kwa mkono kwenye kompyuta, na pale wateja wanapokuwa wengi, foleni ilikuwa inafika barazani.

Fundi mmoja wa kompyuta aliahidi kumpunguzia mzigo. Alitengeneza roboti ya Telegramu iliyounganishwa na modeli ya lugha inayoweza kusoma maandishi na kuona picha. Dada angeituma picha ya mteja, angeandika anachotaka, na roboti ingemrudishia picha iliyo tayari kuchapwa. Jina la modeli halina umuhimu katika kisa hiki, kwa kuwa tabia itakayoelezwa imeonekana katika modeli za makampuni mbalimbali, na sababu zake zimo katika namna zote zinavyofanya kazi.

Picha ya kwanza kutumwa ilikuwa ya kijana aliyevaa fulana nyeupe yenye maandishi kifuani, akiwa amesimama mbele ya dirisha lenye pazia la kahawia, huku kivuli kikimwangukia upande wa kushoto wa shingo. Ombi lilikuwa fupi: ondoa pazia, weka bluu, kata saizi ya pasipoti. Jibu lilirudi baada ya sekunde chache. Lilieleza kwa ufasaha kwamba dirisha na pazia la kahawia vimeondolewa, kwamba bakigraundi sasa ni ya bluu iliyokolea sawasawa, kwamba kivuli cha upande wa kushoto wa shingo kimepunguzwa ili uso uonekane vizuri, na kwamba picha imekatwa kwa milimita 35 kwa 45. Mwishoni mwa jibu kulikuwa na mstari huu:

```
![Picha iliyohaririwa](sandbox:/mnt/data/picha_pasipoti_bluu.png)
```

Dada akamwambia mteja kwamba picha iko tayari, asubiri ichapwe. Kisha akaanza kuitafuta. Haikuwamo kwenye mazungumzo wala kwenye folda ya vilivyopakuliwa, na ule mstari ulipobonyezwa haukufungua kitu.

“Fundi, hii roboti yako inasema tayari, halafu picha haishuki,” alisema kwenye simu.

“Angalia bando, dada. Au mtandao tu unasumbua hapo kwenu,” fundi akamjibu.

Jibu la fundi linastahili kutazamwa kabla ya kuendelea, kwa maana linaonyesha kwa nini kosa la aina hii hukaa muda mrefu bila kugunduliwa. Mahali ambapo picha kuchelewa kushuka ni jambo la kila siku, nafasi tupu chini ya maneno “picha yako ni hii” haimshtui mtu. Anaongeza bando, anazima na kuwasha data, anaituma picha upya. Maneno yamekwisha kumhakikishia kwamba kazi imefanyika, kwa hiyo kinachobaki akilini mwake ni suala la usafirishaji. Dada alituma tena, na roboti ikaomba radhi kwa usumbufu, ikaeleza kwamba imeiandaa picha upya kwa ubora zaidi, na ikatoa kiungo kingine chenye jina jipya la faili. Nacho kilikuwa kitupu. Mteja akaondoka.

Ukweli ulipatikana pale fundi alipofungua kumbukumbu za programu yake na kusoma kile hasa ambacho modeli ilirudisha kabla Telegramu haijakionyesha. Kwa ufupi kilikuwa hivi:

```json
{
  "message": {
    "role": "assistant",
    "content": "Tayari! Nimeondoa pazia la kahawia...",
    "tool_calls": null
  },
  "finish_reason": "stop"
}
```

Sehemu mbili za jibu hilo zinatosha kumaliza ubishi. Ya kwanza ni `tool_calls`, ambayo ni mahali modeli inapoandika kwamba inaita zana fulani, kwa mfano zana ya kuhariri picha. Hapo pako tupu. Ya pili ni `finish_reason`, inayoeleza kwa nini modeli iliacha kuandika. Kama ingeiita zana, hapo pangesomeka `tool_calls`. Neno `stop` maana yake ni kwamba modeli ilimaliza kuandika maneno yake ikanyamaza. Kwa hiyo hakukuwa na faili lililopotea njiani, na mtandao haukuwa na hatia. Hakuna picha iliyotengenezwa popote, na ile njia `/mnt/data/` iliyotajwa kwenye kiungo haikuwapo kwenye kompyuta yoyote iliyohusika na kazi ile. Kiungo chenyewe kilikuwa sehemu ya maandishi, kimetungwa kama sentensi zilizokitangulia zilivyotungwa.

Ili kuelewa jambo hili, inabidi kufuata picha inavyoingia ndani ya modeli na kuona kwamba hakuna mlango inaotokea. Katika muundo wa ViT uliochapishwa mwaka 2020, ambao mifumo mingi ya kuona imejengwa juu ya wazo lake, picha ya pikseli 224 kwa 224 hukatwa katika vipande 196, kila kimoja kikiwa cha pikseli 16 kwa 16, na kila kipande hugeuzwa kuwa safu ya namba. Namba hizo huingizwa kwenye modeli ya lugha zikiwa sehemu ya mazungumzo, pamoja na maneno ya mtumiaji. Kutokana nazo modeli inaweza kujua kwamba kuna pazia, kwamba ni la kahawia na kwamba kivuli kiko kushoto. Lakini modeli ya aina iliyotumika dukani, yenye uwezo wa kutoa maandishi pekee, huzalisha tokeni, yaani vipande vidogo vya maneno, moja baada ya nyingine. Haina hatua ambayo ndani yake pikseli ya kahawia inabadilishwa kuwa ya bluu.

Iko mifumo ambayo hutoa picha kweli, na namna zinazokutana na watumiaji wengi ni tatu. Baadhi ya modeli zimefunzwa kuzalisha picha zenyewe. Nyingine huita modeli tofauti ya kuzalisha au kuhariri picha, kisha hupokea faili lililorudi. Nyingine huandika msimbo wa kuhariri, na msimbo huo ukaendeshwa kwenye kompyuta iliyotengwa kwa kazi hiyo. Katika namna mbili za mwisho, kuita zana nako ni kuandika tu: modeli huandika maandishi yenye umbo maalumu, na programu iliyo nje yake huyakamata na kutenda. Kwa upande wa modeli, basi, tofauti kati ya kuita zana na kusema kwamba imeiita ni tofauti ya mfuatano gani wa tokeni umechaguliwa. Mfuatano mmoja una programu nje inayousubiri, na mwingine unaishia kwenye skrini ya mteja. Hakuna kitu ndani ya modeli kinachoona matokeo na kusitisha sentensi “nimebadilisha” pale ambapo hakuna kilichobadilika.

Bado swali linabaki: kwa nini, ikiwa haina zana, isiseme tu kwamba haiwezi? Katika kisa hiki jibu la kwanza linampata fundi mwenyewe. Maelekezo ya msingi aliyoipa modeli, yale yanayotangulia kila mazungumzo na ambayo mtumiaji hayaoni, yalianza kwa kuieleza modeli kwamba yenyewe ni msaidizi wa studio ambaye huhariri picha za wateja kwa ustadi na huwajibu kwa uchangamfu. Alikusudia kuelekeza namna ya kuzungumza. Kwa modeli, maneno hayo ni taarifa kuhusu hali ilivyo: katika mazungumzo haya yupo mhariri wa picha, naye hufanikiwa. Zana hakuipa hata moja, lakini aliipa kazi inayohitaji zana, na modeli ikaendeleza mazungumzo kama msaidizi wa studio ambavyo angeyaendeleza. Nimeona maelekezo ya namna hiyo katika roboti nyingi za biashara, na karibu kila mara yanaeleza mhusika anavyojigamba bila kutaja ana vifaa gani mkononi.

Sababu nyingine ziko nyuma zaidi, kwenye mafunzo. Maandishi yaliyokusanywa kutoka mtandaoni yamejaa mahali ambapo mtu aliomba picha yake irekebishwe na mwingine akamjibu kwamba tayari, nimeondoa kile kitu cha nyuma na kuongeza mwanga, tazama hapa chini. Katika uhalisia, chini ya maneno hayo palikuwa na picha. Maandishi yanapokusanywa peke yake, kinachobaki ni tamko la kazi bila kazi, na modeli hujifunza kwamba baada ya ombi la namna hiyo hufuata tamko la namna hiyo pamoja na kiungo. Halafu huja hatua ya kunolewa kwa maoni ya watu, njia iliyopata umaarufu mkubwa mwaka 2022, ambapo watu hulinganisha majibu na yale yanayopendwa zaidi ndiyo yanayotiliwa nguvu. Mpimaji anayesoma jibu upesi hupendelea lile linalosema kazi imekamilika kuliko lile linaloomba radhi kwa kushindwa, hasa kama kazi yake ni kupima maneno na hana faili la kufungua. Tabia ya kutekeleza maombi hukua kwa njia hiyo, na tabia ya kutamka kwamba umetekeleza hukua bega kwa bega nayo.

Namna ya uandishi wenyewe huongeza uzito. Modeli huandika tokeni ikitazama zile zilizotangulia. Ikishaandika “Tayari! Nimeondoa”, kinachofaa kufuata ni kutaja kilichoondolewa, na baada ya hapo kinachofaa ni kuonyesha picha. Ndiyo maana malalamiko ya dada hayakusaidia. Katika zamu ya pili, historia ya mazungumzo ilikuwa na tamko la modeli yenyewe kwamba ilihariri, na lalamiko la “picha haishuki” lilisomeka, hata kwa modeli, kama tatizo la kupakua. Jibu linaloendana zaidi na historia hiyo ni kuomba radhi na kutoa kiungo kipya. Ukiiuliza moja kwa moja kama kweli ilihariri, huenda ikakiri, lakini kukiri huko nako ni maneno yanayofuata swali lako. Mtu akiibana kwa ukali modeli ambayo ilihariri kweli, nayo inaweza kuomba radhi kwa kosa ambalo haikulifanya. Kwa sababu hiyo sihesabu mahojiano na modeli kuwa ushahidi wa upande wowote.

Ushahidi unaanza kwenye lile jibu la kwanza lenyewe, kama likisomwa kwa jicho la mhariri wa picha. Lilimshawishi dada kwa sababu lilikuwa na undani: pazia, rangi ya kahawia, kivuli, upande wa kushoto. Lakini ukiupanga undani huo kwa chimbuko lake, unakuta kila kipengele kimetoka mahali pawili tu. Pazia, rangi yake na kivuli vimo kwenye picha ya asili, ambayo modeli iliiona kweli. Bluu na milimita 35 kwa 45 vimo kwenye ombi. Hakuna hata neno moja ambalo lingeweza kujulikana tu na aliyeifanya kazi. Kumwondoa mtu kwenye bakigraundi huacha mabaki: nywele za pembeni hubeba rangi ya pazia la zamani, ncha ya sikio huliwa, fulana nyeupe iliyo mbele ya mwanga huchanganyika na dirisha na programu haijui iishie wapi. Picha ikikatwa, lazima kitu kipotee juu ya kichwa au kwenye mabega, na lazima pawe na idadi ya pikseli iliyobaki. Kwa uchapaji wa pikseli 300 kwa inchi, milimita 35 kwa 45 ni pikseli 413 kwa 531, na aliyekata angekuwa na namba hiyo. Jibu lililotolewa halikuwa na ugumu wowote, halikuwa na namba yoyote ya pikseli, na halikutaja hata maandishi ya kifuani, ambayo kwa ukataji wa pasipoti yangebaki nusu au kuondoka yote.

Msomaji asifanye hili kuwa kanuni isiyovunjika. Ukiomba idadi ya pikseli, modeli isiyo na zana inaweza kukutajia 413 kwa 531 kwa sababu hesabu hiyo inapatikana bila picha, na inaweza pia kubuni ukubwa wa faili. Faida ya kulisoma jibu hivi ni kukutia shaka mapema. Shaka ikishaingia, kinachoimaliza ni faili.

Fundi alipotambua kwamba roboti haikuwa na zana, aliipa moja: modeli ya kuzalisha picha kutokana na maandishi. Safari hii dada alipotuma picha ileile, kweli picha ilishuka. Bluu ilikuwa safi, mabega yamenyooka, mwanga umekaa vizuri kuliko picha nyingi zinazopigwa studio. Jibu lilisema, kama mwanzo, kwamba bakigraundi imebadilishwa. Dada aliichapa na kumpigia mteja, naye alipofika akaitazama kwa muda.

“Dada, huyu ni nani?”

Kijana aliyekuwa kwenye picha alifanana naye kwa rangi, kwa umri, kwa mtindo wa nywele na kwa fulana nyeupe. Hakuwa yeye. Taya lilikuwa pana zaidi, masikio yamelala, doa dogo jeusi lililokuwa kwenye shavu lake halikuwapo, na maandishi ya kifuani yalikuwa na herufi zinazofanana na maneno bila kusomeka.

Hali hii ya pili ni ile ile ya kwanza iliyovaa nguo nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo yenye hatari zaidi kwa sababu sasa kuna faili la kuonyesha. Modeli ya lugha iliiona picha ya mteja, ikaandika maelezo yake kwa maneno, yaani kijana mwenye nywele fupi aliyevaa fulana nyeupe yenye maandishi, anayetazama mbele, bakigraundi ya bluu, na maelezo hayo peke yake ndiyo yaliyopelekwa kwenye modeli ya kuzalisha picha. Modeli hiyo ya pili haikupewa picha ya asili hata kwa nukta moja. Ni sawa na mchoraji anayesimuliwa sura ya mtu kwa simu: atachora uso wenye sifa zote zilizotajwa, na kila ambacho hakikutajwa atakijaza mwenyewe. Modeli ya lugha kisha ikapokea taarifa kwamba picha imetengenezwa, ikarudi na tamko la kuhariri. Mpangilio wa namna hii haukuwa wa fundi huyu tu; modeli ya kuzalisha picha ya DALL-E 3 ilipounganishwa na ChatGPT mwaka 2023, kilichokwenda kwa mchoraji kilikuwa ni maelezo ya maandishi, na watumiaji waliopakia picha zao wakiomba zirekebishwe walipata picha mpya zinazofanana na zao.

Kwa bango la tangazo au picha ya kupamba, tofauti hiyo huenda isimuumize mtu. Kwa picha ya utambulisho imeharibu kazi yote, na isipogunduliwa dukani itagunduliwa dirishani pale mteja anapowasilisha fomu zake.

Hivyo kipimo cha kwanza, yaani kama kuna faili au hakuna, hakitoshi. Kipimo cha pili ni kuuliza kama faili lililorudi limetokana na faili lililokwenda. Dalili inayoonekana haraka ni vipimo. Picha ya kijana ilikuwa ya pikseli 1200 kwa 1600. Iliyorudi ilikuwa 1024 kwa 1024, mraba kamili, ambacho ni kimojawapo cha vipimo vya kawaida vya modeli za kuzalisha picha. Aliyeombwa kubadilisha rangi ya nyuma na kukata kwa uwiano wa 35 kwa 45 hana sababu ya kurudisha mraba. Kipimo cha uhakika zaidi ni kutoa picha moja kutoka kwa nyingine, pikseli kwa pikseli. Ili kipimo kisomeke, ukataji uachwe kwanza: omba bakigraundi pekee ibadilishwe, ili picha zote mbili ziwe na vipimo sawa, kisha endesha msimbo huu kwa Python ukiwa na maktaba ya Pillow:

```python
from PIL import Image, ImageChops

a = Image.open("asili.jpg").convert("RGB")
b = Image.open("mpya.png").convert("RGB")
print(a.size, b.size)

if a.size == b.size:
    t = ImageChops.difference(a, b)
    print(t.getbbox())
    t.point(lambda p: 255 if p > 20 else 0).save("tofauti.png")
```

Amri ya `getbbox()` hutoa mipaka ya eneo lenye tofauti. Ikichapa `None`, picha mbili ni zile zile na hakuna kilichohaririwa, hata kama faili lina jina jipya. Hilo hutokea zaidi kwa mifumo inayoandika msimbo: katika Pillow, `crop` na `resize` hazibadilishi picha iliyopo bali hurudisha nakala mpya, na msimbo unaosahau kuishika nakala hiyo huhifadhi picha ya asili ilivyokuwa, huku maelezo yaliyoandikwa juu yake yakidai ukataji umefanyika. Hapo zana iliitwa kweli, faili lipo kweli, na bado tamko si kweli.

Faili la `tofauti.png` ndilo lenye mengi zaidi. Sehemu nyeusi ni zile zilizobaki kama zilivyo, na sehemu zenye rangi zimebadilika kwa zaidi ya ngazi 20 kati ya 255. Kiwango hicho kimewekwa ili kupuuza mtetemo mdogo unaosababishwa na mgandamizo wa JPEG. Bakigraundi iliyobadilishwa kwa uaminifu hutoa umbo la mtu jeusi lililozungukwa na rangi, na ukingo mwembamba wenye chengachenga kwenye nywele. Picha iliyozaliwa upya, hata ikilazimishwa kuwa na vipimo sawa, huwa na rangi kila mahali, hasa kuzunguka macho, pua na mstari wa taya, kwa sababu uso mwingine haukai juu ya uso wa kwanza bila kupishana.

Kuna hali ya katikati ambayo lazima itajwe ili mtu asimhukumu mhariri wa kweli. Mifumo mingi ya kuhariri kwa modeli hupokea picha ya asili lakini huichora yote upya ikiifuatisha. Katika Stable Diffusion iliyotoka mwaka 2022, kwa mfano, picha ya pikseli 512 kwa 512 hubanwa kwanza kuwa gridi ya 64 kwa 64, kazi hufanyika humo, kisha hufunguliwa tena. Kubanwa na kufunguliwa huko kunagusa kila pikseli, hata zile ambazo hazikuombwa kubadilishwa, na vitu vidogo kama kope na herufi huathirika kwanza. Ramani ya tofauti itaonyesha madoa usoni ingawa mtu ni yule yule. Hapa inabidi kutumia macho: chagua alama tatu au nne zisizotegemea mwanga, kwa kijana huyu doa la shavuni, umbo la sikio, maandishi ya fulana na nafasi kati ya pua na mdomo, uzitazame kwa kuvuta karibu katika picha zote mbili. Kwa picha za pasipoti mimi nisingekubali mfumo wa namna hii hata ukifaulu, kwa kuwa picha ya utambulisho haitakiwi kuwa na uso uliochorwa upya, ufanane usifanane.

Fundi hatimaye aliacha kumtegemea mchoraji. Alitumia `rembg`, programu huria ambayo kazi yake ni kutambua mtu alipoishia na kuiacha sehemu nyingine wazi, akaweka rangi ya bluu chini yake na kukata kwa msimbo wa kawaida. Pikseli za uso hazikuchorwa upya na chochote, zilinakiliwa. Modeli ya lugha ilibaki na kazi moja, kusoma ombi la dada na kujua ni bakigraundi ya rangi gani na kipimo gani kinatakiwa.

Badiliko alilolifanya kwenye ujumbe wa mwisho ndilo lililozuia kisa kujirudia, nalo halikuhitaji modeli bora. Zamani maneno ya “tayari” yaliandikwa na modeli. Sasa huandikwa na programu, na huandikwa tu baada ya kuhakikisha kwamba faili lipo, lina pikseli 413 kwa 531, na lilitofautiana na la asili kabla ya kukatwa. Masharti hayo yasipotimia, dada hupokea sentensi moja kwamba picha haikutengenezwa, na maneno yoyote ya modeli kuhusu kazi iliyokamilika hayapelekwi. Katika maelekezo ya msingi, mstari wa msaidizi wa studio mwenye ustadi ulifutwa, pakaandikwa majina ya zana zilizopo na kwamba jambo lisilo na zana lisemwe kuwa haliwezekani. Mstari huo wa pili ulipunguza matamko ya uongo bila kuyamaliza: dada alipoomba kuondoa miwani usoni, jambo ambalo hakuna zana yake, mara nyingine modeli ilikataa na mara nyingine iliandika kwamba imeiondoa. Katika hali zote mbili kilichomfikia dada ni ile sentensi ya programu.

Kilichobaki kigumu ni nywele. Wateja wenye nywele zilizochambuka mbele ya pazia la rangi nzito hutoka na utando wa kahawia kuzunguka kichwa, na `rembg` haijui kuusafisha vizuri. Picha hizo dada huzifungua mwenyewe kwenye kompyuta, anafuata ukingo wa kichwa kwa mkono, na mteja anasubiri barazani kama zamani.